Ukipewa kadi ya harusi ya Kichina, isome hivi

Oktoba 2024 nilikuwa Guangzhou kufunga mzigo. Mzee mmoja ninayenunua kwake vitambaa alinipa kadi nyekundu kwa mikono miwili, nami nikaipokea vivyo hivyo. Nilipoingiza maneno yake kwenye simu ili yatafsiriwe, nilielewa kwamba kuna sherehe ya mtoto mdogo, na kwamba karamu inaanza saa kumi na moja jioni. Yote mawili niliyaelewa vibaya. Naandika haya kwa wafanyabiashara na wanafunzi wetu walioko huko, kwa sababu kadi hizi karibu zote hufuata mpangilio mmoja. Ukishaujua, unajua ufike saa ngapi na uende na nani.

Kadi huanza na tarehe mbili. Baada ya neno 公历 hufuata tarehe ya kalenda tuliyoizoea, na baada ya 农历 tarehe ya kalenda yao ya mwezi. Yangu iliandikwa tarehe 6 Oktoba, Jumapili, na pembeni yake siku ya nne ya mwezi wa tisa. Ukichukua hiyo ya pili utafika ukumbini mwezi mzima kabla ya siku yenyewe. Shika ya kwanza.

Kisha huja wenye shughuli. Kwenye kadi ya kiheshima wanaoalika ni wazazi, kama kwetu ambako familia ya Bwana na Bibi fulani ndiyo inayokukaribisha. Kijana wao wanamwita 小儿, yaani "mtoto wetu mdogo", hata kama ana miaka thelathini. Ni unyenyekevu, mzazi hamkwezi wake mbele ya mgeni. Unyenyekevu huohuo uko kwenye neno 薄酌, "kinywaji kidogo tu", litumikalo kutaja karamu yenyewe. Nyumbani tunasema "karibu chai", na mgeni anakuta pilau. Mezani kwangu zilikuja sahani nane za chakula, samaki mzima akiwemo.

Upande wa mgeni lugha hugeuka, kila neno likawa la kumpandisha. 恭请 ni kualika kwa unyenyekevu. 光临, ambalo ndilo linalofunga mwaliko, maana yake ni kwamba ujio wako unaleta nuru. Hapo karibu na jina lako ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu ndipo unapojua kadi ni singo au dabo. Ukiona 伉俪, mmealikwa mume na mke. Ukiona 阖府, imealikwa nyumba nzima, watoto pia. Kama pana jina lako peke yake, nenda peke yako. Karamu hupangwa kwa meza za duara, kwa kawaida watu kumi au kumi na wawili, na mgeni asiyehesabiwa humkosesha mwingine kiti.

Sasa saa. Mahali pa karamu huandikwa baada ya 席设. Chini yake kadi za Guangdong, jimbo lenye mji wa Guangzhou, mara nyingi huwa na nyakati mbili. Yangu ilisema 五时恭候, 八时入席. Ya kwanza ni saa kumi na moja jioni, wenyeji wanaanza kupokea wageni. Ya pili ni saa mbili usiku, watu wanakaa mezani na chakula kinaletwa. Mimi nilifika saa kumi na moja kamili, nikasubiri kwa muda wa saa tatu, na mchana sikuwa nimekula. Msichana wa dukani kwa mzee ndiye aliyenifafanulia: "Kaka, saa ya kwanza ni ya kupiga picha na kucheza karata. Ukifika nusu saa au saa moja kabla ya kukaa mezani, umefika vizuri."

Zawadi ni pesa kwenye bahasha nyekundu, hongbao. Nyeupe usiiguse, ni ya msiba. Kiasi kiwe namba shufwa, lakini epuka nne, kwa sababu matamshi yake yanakaribiana na ya neno "kufa". Muulize mtu anayemfahamu mwenyeji kwamba wageni wa kiwango chako wanatoa ngapi. Juu ya bahasha andika dua ya herufi nne. Ya kuaminika kwa kila harusi ni 百年好合, wapatane miaka mia. 白头偕老 inawaombea wazeeke pamoja hadi mvi. 早生贵子 inawaombea mtoto mapema. Hiyo mimi siiandiki nisipowafahamu wenyewe, kwa sababu hujui wanapitia nini. Jina lako liwe chini, upande wa kushoto, ili wajue nani ametoa.

Mlangoni mama wa bwana harusi aliipokea bahasha yangu kwa mikono miwili, akaikunja pembe moja, akanirudishia. Nilidhani ameikataa, moyo ukanidunda. Kumbe ni desturi ya watu wengi wa Guangdong: pembe ikikunjwa, baraka imepokelewa, na pesa unarudi nazo mwenyewe.