Mistari 56 nyuma ya mlango wa stoo

Swali la wiki: "Ni lini kwenye maisha yako uliona muda hauendi kabisa? Tusimulie."

Mi ni Desemba 2023 mpaka Januari 2024, nimemaliza fomu foo nasubiri matokeo, niko kwa mjomba Kilosa namsaidia kwenye mashine ya kusaga. Ijumaa tarehe 1 Desemba nikachukua kipande cha mkaa nikachora mstari mmoja nyuma ya mlango wa stoo, nikajiwekea kwamba kila asubuhi nachora mwingine mpaka yatoke.

Kinachotesa ni kwamba tarehe huwa huijui, unasikia tu yametoka. Ungejua zimebaki siku 40 ungehesabu 39, 38, unaona zinapungua, mi mistari ilikuwa inaongezeka tu na mwisho hauonekani. Kwa hiyo nikajitafutia mwisho wangu mwenyewe. Ya mwaka 2021 yalitoka tarehe 15 Januari 2022, ya waliotutangulia 29 Januari 2023, basi nikaishika tarehe 15 kwa sababu ndo ya karibu. Siku mstari ulipofika wa 36 nikakaa nikapiga hesabu, zimebaki siku kumi, masaa 240, nikatoa ya kulala halafu nikayarudisha maana usingizi wenyewe haukuwepo.

Usiku nilikuwa najumlisha pointi. Wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na divisheni tuu mwisho pointi 21, ukifika 22 umeingia thrii. Nilijipa Kiswahili B, halafu Uraia, Historia, Jiografia na Kiingereza zote C, Baiolojia D, Kemia D, hesabu nikaiacha pembeni kabisa. Jumla 22. Kila nikirudia ni 22, nikiipandisha Jiografia iwe B inakuwa 21, halafu nakumbuka lile swali la ramani nililopima umbali nikasahau kuzidisha kwa skeli, naishusha tena. Nimelala na hiyo pointi moja mwezi mzima jamani.

Asubuhi zilikuwa na nafuu, wamama wanaleta madebe, unamimina mahindi juu, unashika ule mfuko wa kitambaa unga unapotokea, wa moto, unapima kwa mkono kama umelainika, debe moja limeisha linakuja lingine. Sasa saa nane mpaka saa tisa wateja hakuna, mjomba anazima mashine, kimya kinaingia masikioni kama pamba. Nakaa kizingitini naangalia kivuli cha bati kikisogea kwenye saruji, naweka punje ya hindi pale kilipoishia, nahesabu mpaka mia tano, naangalia, kimepita punje kidogo tu. Mjomba akawa ananiambia mpwa wangu, kivuli hakisukumwi, njoo ule.

Tarehe 15 ikafika, jumatatu, mstari wa 46, na hakuna kitu. Jioni kwenye grupu la darasa mtu akatuma faili eti yametoka, mikono inatetemeka nikaenda mpaka kwenye namba yangu, nikakuta DIV 0. Nilikaa chini pale kwenye magunia, sijui nilikaa dakika ngapi. Nilipoangalia tena ndo nikaona safu ya jinsi imeandikwa F na mi mwanaume, kumbe ni ya mwaka uliopita, namba yangu mwaka ule ilikuwa ya binti. Na huyo binti nikamuonea huruma kwa kweli, nilikuwa nimeshaonja alichokiona.

Siku kumi zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko zote 46 za nyuma, kwa sababu sikuwa na tarehe tena ya kushika. Hata mkaa nilikuwa nachora sitazami idadi.

Alhamisi tarehe 25 Januari nilikuwa nasaga debe la mama mmoja wa jirani, mwanae akaja mbio anasema yametangazwa. Sikuacha, nikamalizia debe la watu, nikafunga mfuko, nikapangusa mikono unga ndo nikashika simu. Ukurasa ukazunguka weee, ukagoma, ukazunguka, ukafunguka. Nikaanza na ile herufi ya jinsi, M. Halafu AGGT 21, DIV II. Jiografia ilikuwa C vilevile kama nilivyoogopa, iliyopanda ni Historia, HIST - 'B', ambayo sikuwahi kuigusa kwenye hesabu zangu hata usiku mmoja.

Nikampigia mama, nikampigia mwalimu wa Historia, mjomba akatoka nje akawaita majirani. Nilipokuja kukumbuka kuangalia saa ilikuwa kumi na moja jioni, madebe ya watu yamepangana mpaka mlangoni, na ile saa nane mpaka saa tisa ilishapita siku nyingi sijaiona.