Namba 15 kwenye kadi ya mtoto si maksi za shule

*"Binti yangu ametimiza miezi 7, ana kilo 6.7. Kwenye kadi yake dokta ameandika 15. Ndiyo kusema amepata 15 juu ya 100? Binti wa jirani wa umri uleule ana kilo 8.5. Nimuongezee uji?"*

Mama, hilo la "juu ya 100" liweke pembeni kwanza. Chukua watoto wa kike 100 wenye afya, wote wa miezi 7, uwapange foleni kutoka mwepesi hadi mzito. Wako amesimama kama wa 15. Nyuma yake wako 14 wepesi kuliko yeye, nao pia wana afya. Yule wa jirani yuko karibu na nafasi ya 85. Wote wawili wamo kwenye foleni moja, na hakuna aliyefeli.

Mistari iliyochorwa kwenye kadi ndiyo hizo nafasi: chini kabisa wa 3, halafu 15, katikati 50, juu yake 85, na wa mwisho 97. Kadi nyingine zina 0, -1, -2 na -3. Hapo 0 ni sawa na 50, na -2 inapita chini kidogo ya ule wa 3. Kuna watu watakuambia hiyo mistari ni ya watoto wa Wazungu. Si kweli. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa nchi 6, na Ghana, India na Omani zilikuwemo.

Mimi ni reko, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, hapa Kadutu, Bukavu, na siku za kupima watoto ndiye ninayeshika kalamu. Lakini kadi nilijifunza kuisoma kabla ya hapo, kwa machozi, kwa sababu ya binti yangu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 28 Januari na kilo 2.9. Miezi 2 alikuwa na 4.5, miezi 4 akawa na 5.6. Nukta zake zote zilikaa kwenye mstari wa 15, kama mtu anayetembea ukingoni mwa barabara bila kutoka. Tarehe 2 Agosti nikampeleka, mizani ikasoma 6.4. Aliyekuwa anaandika akahesabu kwa vidole: Februari, Machi, Aprili... mpaka Agosti, akapata 7. Akaweka nukta kwenye mwezi wa 7, na nukta ikaanguka katikati ya mstari wa 3 na wa 15. "Mama, mtoto ameshuka, hanyonyi vizuri?" Nilipanda na njia ya kwetu nalia, mvua inanipiga, sijui hata nilifikaje.

Usiku nikakaa na kadi chini ya taa. Kutoka 28 Januari mpaka 28 Julai ni miezi 6. Tarehe 2 Agosti mtoto alikuwa na miezi 6 na siku 5, na kwenye kadi unahesabu miezi iliyotimia tu. Nikahamisha nukta mwezi mmoja nyuma, ikakaa juu ya mstari wa 15 palepale. Mtoto hakuwa ameshuka hata gramu, nukta ndiyo iliyohama. Kwa hiyo ukiona mtoto "ameanguka" ghafla, hesabu umri upya kabla ya kuhesabu sababu nyingine.

Baada ya umri, angalia mizani. Bukavu ni baridi, tunawafunga watoto sweta, kofia na nepi ya kitambaa, na nepi ikilowa ni uzito. Hivyo vyote vinaweza kufika gramu 400. Kwa msichana wa miezi 7, kutoka mstari wa 15 mpaka wa 50 ni gramu 900 tu, kwa hiyo nguo peke yake zinaweza kumpandisha karibu nusu ya njia. Mwezi ujao akivuliwa, ataonekana amekonda. Kwenye mizani ya kuning'iniza, ile kaptula ya kumbebea mtoto inatundikwa kwanza tupu, mshale unarudishwa kwenye 0, ndipo mtoto anaingia. Mshale ukiwa umepita 0 kabla mtoto hajaingia, sema. Usiogope.

Binti yangu aliendelea hivyohivyo: miezi 9 kilo 7.2, mwaka mmoja kilo 7.9. Na hapa mama wengi wanashtuka bure. Alipokuwa mdogo aliongeza karibu gramu 800 kwa mwezi, na alipokaribia mwaka ziliongezeka kama 230 tu. Lakini mistari yenyewe inalala kadiri umri unavyoenda, kwa watoto wote. Linganisha mwendo wake na mstari ulio karibu naye. Usilinganishe na mwezi uliopita, wala na mtoto wa jirani.

Sasa kaka yake. Huyo alikuwa bonge, sokoni kila mtu anataka kumbeba. Miezi 3 alikuwa na kilo 7.2, yaani mstari wa 85 wa wavulana. Miezi 5 alikuwa na 8.2. Miezi 7 akawa na 8.4, miezi 9 akawa na 8.5. Uzito haujashuka hata mara moja, na namba zake bado ni kubwa kuliko za dada yake. Hakuna aliyenishtua. Lakini unganisha nukta zile uone: kutoka 85 amekata mstari wa 50 na anaelekea wa 15, na kati ya miezi 7 na 9 njia yake ni karibu bapa. Kati ya hao wawili, mgonjwa alikuwa yeye. Nilikuwa nimerudi sokoni, ziwa akilipata asubuhi na usiku, mchana uji mwepesi kama chai, na aliharisha mara mbili. Muganga alimtibu kuharisha, kisha tukauongezea uji unga mpaka usimwagike kwenye kijiko, pamoja na karanga iliyosagwa, samaki wadogo wa sambaza wa kutwanga na kijiko cha mafuta. Kufika mwaka mmoja alikuwa na kilo 9.6, palepale juu ya mstari wa 50.

Mtoto kuhama kidogo kati ya mistari miwili si ajabu, hasa mwaka wa kwanza, maana anatafuta njia ya mwili wa wazazi wake. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia naye anahesabiwa tofauti, muulize muganga. Kinachotisha ni njia inayolala bapa au inayoshuka kukata mistari.

Kuna jambo moja ambalo kadi ya uzito haikuonyeshi. Mtoto mwenye utapiamlo anaweza kuvimba miguu, na maji yale yana uzito, kwa hiyo nukta inapanda huku mtoto anaharibika. Bonyeza kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3. Shimo likibaki, mpeleke leo hii, hata kama yuko kwenye mstari wa 50. Vilevile mtoto aliyefikisha miezi 6, utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, usingoje siku ya kupima.

Kuhusu uji: kwa miezi 7 mpe mara 2 au 3 kwa siku, uwe mzito, na ziwa liendelee. Usimjazie ili amfikie wa jirani. Mimi siwezi kukuambia zaidi kwa nukta moja, maana nukta moja haina mwendo. Tazama kwenye kadi alikuwa na kilo ngapi alipozaliwa, kwenye miezi 3 na miezi 5, na utuandikie na tarehe zenyewe. Ikiwa miezi 3 alikuwa na 5.1, huyo yuko njiani kwake. Ikiwa alikuwa na 6.5, vaa viatu uende kituo cha afya kesho asubuhi na kadi mkononi.