Usiangalie herufi, angalia mkono: karatasi za mwandiko kwa watoto wa awali

Mpe mtoto wa miaka mitano karatasi iliyojaa herufi za vidoti, atakurudishia kazi safi. Lakini kaa ubavuni kwake umtazame anavyoandika. Wengi huunganisha vidoti wanavyojua wenyewe: duara la "a" linaanzia chini, linazungukia kulia, kisha kijiti kinabandikwa pembeni. Karatasi haioneshi kosa. Litajitokeza darasa la kwanza akitakiwa kuandika haraka, duara huku, kijiti kule, na "d" inageuka "b".

Nafundisha darasa la awali hapa Tanga, na karatasi zangu huchora mwenyewe kisha nazipeleka fotokopi Ngamiani. Kila safu inaanza na herufi moja kamili, yenye nukta nene pale penseli inapoanzia na mshale mdogo. Zinafuata mbili tu za vidoti, halafu nukta tupu tatu ili mtoto aumbe mwenyewe. Kwa "a", nukta inakaa juu upande wa kulia. Penseli inapanda kidogo, inazungukia kushoto, inashuka, inarudi juu kufunga duara, kisha inateremka wima bila kuinuliwa. Akishazoea, "o", "d" na "g" zinakuja kwa urahisi, maana zote zinazungukia kushoto. "b" naiweka wiki nyingine kabisa, kwa sababu yenyewe inaanza na kijiti, kutoka juu.

Mistari ni minne, yenye nafasi tatu. Ile ya katikati, wanamokaa "a" na "o", naipa sentimita moja na nusu. Kijana wa fotokopi hupenda kunishauri, "Mwalimu, nikubanie mbili kwenye karatasi moja, upunguze gharama?" Ananionea huruma, ila ukibana hivyo nafasi inabaki kama sentimita moja, na kiganja ambacho bado kinaandika kwa mkono mzima kitatoka nje ya mistari.

Kuhusu nafasi kati ya maneno, sisi tuna tatizo letu. Tunafundisha kwa silabi, kwa hiyo mtoto anaandika "ki ta bu" akiamini ni sawa. Kumwambia aweke kidole baada ya neno hakutoshi, kwani hajui neno linaishia wapi. Mimi huchora kistari kinene chini ya kila neno: "kaka ana kitabu" ina vistari vitatu, na kati yake pengo la upana wa kidole chake, si changu. Anasoma neno lote kwanza, analijaza juu ya kistari chake, ndipo anaruka pengo. Akizoea, navifuta vistari kimoja kimoja kuanzia cha mwisho.

Mwenye mkono wa kushoto mrudie herufi ya mfano upande wa kulia wa safu pia, kwa sababu ile ya kushoto anaifunika kwa mkono wake mwenyewe anapoandika.