Ukigusa nukta taa ikazimika, kagua mita kabla ya rezista

Vijana mnaoanza ufundi wa umeme mdogo, hili lilinipotezea siku nzima nikiwa mgeni kwenye karakana moja huku Gerezani, Dar es Salaam. Mteja alileta kifaa cha sola kinachokata taa betri ya volti 12 ikishuka sana. Ndani yake kuna rezista mbili za megaomu 1 zilizofuatana, kutoka chanya ya betri hadi hasi. Katikati yake inapatikana nusu ya volti za betri, na chipu inailinganisha na volti 5.4. Nusu ikishuka chini ya hapo, yaani betri ikifika 10.8, relei inaachia.

Betri ilikuwa na volti 12 kamili, kwa hiyo katikati nilitegemea 6. Nikaweka mita ya mshale kwenye renji ya volti 10, nikagusa. Relei ikalia "tak", taa ikazimika, mshale ukasimama karibu na 1.7. Nikasema rezista ya juu imeharibika. Nikaibadilisha, kisha nikabadilisha na ya chini. Nikigusa tena, yaleyale. Nikitoa waya wa mita, taa inawaka.

Mzee aliyekuwa akinifundisha alinionyesha maandishi madogo kwenye uso wa mita: `20 kΩ/V`. Maana yake, kila volti ya renji unayochagua inaipa mita kiloomu 20. Renji ya 10 ni kiloomu 200 tu. Nilipogusa, niliweka kiloomu 200 sambamba na rezista ya chini ya kiloomu 1000, na zote mbili kwa pamoja zikawa kama 167. Gawa volti 12 kati ya 1000 na 167, upande wa chini unabaki na 1.71. Mshale ulikuwa sahihi kabisa: wakati ule pale katikati palikuwa na 1.71 kweli, na ndiyo maana chipu ikakata taa. Mita ndiyo iliyozishusha.

Akaniambia nipeleke renji kwenye 50. Sasa mita ni megaomu 1, na mshale ukasoma 4. Nukta ileile, betri ileile, renji mbili, majibu mawili yaliyoachana hivyo. Ukiona hivyo, acha kushuku rezista. Dalili nyingine ni kupima kila rezista peke yake na kujumlisha: tulipata 4 na 4, jumla 8, wakati betri ina 12. Volti 4 hazikupotelea popote. Kila upande tuliopima tuliupunguza sisi wenyewe.

Msidhani mita ya dijitali inawaokoa moja kwa moja. Nyingi zina megaomu 10, lakini zile ndogo za bei rahisi za aina ya DT830 zina megaomu 1, nazo zitasoma 4 vilevile. Hizi zinasumbua zaidi, kwa sababu ukinzani wake haubadiliki na renji, hivyo ukizungusha swichi jibu linabaki lilelile na unaliamini. Chukua mita nyingine, iweke kwenye omu, upime nayo nyaya za mita yako ikiwa kwenye volti za DC. Andika namba utakayoipata kwa kalamu ya rangi mgongoni mwa mita.

Ukiijua namba hiyo, unaweza kurudisha volti za kweli. Ukiangalia kutoka ile nukta ya katikati, rezista zote mbili zinaonekana ziko sambamba, kwa sababu betri yenyewe haina ukinzani wa kuhesabika. Megaomu 1 na 1 sambamba ni 0.5. Gawa 0.5 kwa ukinzani wa mita, ongeza 1, kisha zidisha na ulichosoma:

```
V = Vm × (1 + Rs/Rm)
1.71 × (1 + 0.5/0.2) = 6.0
4.00 × (1 + 0.5/1)   = 6.0
5.71 × (1 + 0.5/10)  = 6.0
```

Mstari wa mwisho ni mita ya megaomu 10. Inakosea chini ya asilimia 5, na taa haizimiki betri ikiwa na 12, kwa hiyo ni rahisi kuipuuza. Hapo ndipo wengi wanaharibu marekebisho. Ukiiacha imegusa katikati huku unatafuta kifaa kinakata kwenye volti ngapi, kitakata betri ikiwa na 11.3 badala ya 10.8. Utazungusha skrubu ya marekebisho hadi kikate kwenye 10.8, utatoa mita, na mteja atarudi nyumbani na kifaa kinachoinyonya betri hadi karibu 10.3.

Siku hizi katikati siweki mita kabisa. Naiweka kwenye vichwa vya betri, ambako hata ile ya mshale haishushi kitu, nashusha volti polepole kwa pawa saplai, na naandika namba pale relei inapolia.