Mama, Usiombe Muhtasari: Maswali ya Wazazi Mwezi Huu

Mwanangu yuko darasa la tano hapa Newala. Nataka kumwandikia mwalimu wake wa Hisabati anipe muhtasari na mada za mfano, nimfanyishe marudio likizo ya Juni. Niandikeje asije akaona namkagua?

Mama, usiombe muhtasari. Muhtasari wa somo unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ni mmoja Tanzania Bara nzima, wa Newala ndio huohuo wa Bukoba. Kautafute kwenye tovuti yao, tie.go.tz. Utakuta jedwali lenye umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, vigezo vya upimaji na idadi ya vipindi. Ukiusoma utajua mtoto anatakiwa kufundishwa nini mwaka mzima. Amefundishwa nini mpaka leo, hapo hutaona, na hilo ndilo unalolitafuta.

Hilo liko kwenye azimio la kazi. Mwalimu huliandika mwenyewe: anachukua yaliyomo kwenye muhtasari, anayapanga mwezi kwa mwezi na wiki kwa wiki, na kila akimaliza kipengele anajaza safu ya mwisho, ya maoni. Kwenye safu hiyo ndiko kunakoandikwa kwamba wengi hawakuelewa na kipengele kirudiwe. Azimio lenyewe hawezi kukupa uondoke nalo, maana ni kitendea kazi chake na hukaguliwa. Mwombe akutolee machache yanayomhusu mwanao.

Barua iwe hivi, na tafadhali usiifungue kwa "husika na kichwa cha habari hapo juu". Mwalimu anajua kusoma kichwa cha habari.

> Newala, 12 Mei
>
> Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Tano B,
> kupitia kwa Mwalimu Mkuu.
>
> YAH: KUOMBA MADA ZA MARUDIO YA HISABATI
>
> Mimi ni mzazi wa (jina la mtoto). Katika jaribio la Aprili alipata 16 kati ya 50. Nimepitia karatasi yake nikaona namba nzima anaziweza, lakini maswali ya sehemu amekosa yote.
>
> Naomba unijulishe, kabla ya likizo ya Juni, darasa limefika kipengele gani kwenye azimio lako la kazi, na vipengele viwili ambavyo mwanangu amebaki nyuma zaidi. Kwa kila kimoja naomba swali moja la mfano, likiwa limekokotolewa kama unavyofundisha darasani.
>
> Nitakaa naye nusu saa kila jioni. Shule ikifunguliwa Julai nitakuletea daftari lake ulione. Jumatano mchana nitapita kuchukua majibu.
>
> Mzazi wake,
> (sahihi, jina na namba ya simu)

Barua inapitia kwa mwalimu mkuu ili mwalimu asionekane ana mapatano ya pembeni na mzazi, na pia ili isipotee. Vipengele ni viwili kwa sababu ukiomba "mada zote" utapewa ukurasa mzima wa majina, na mwalimu atakuwa ameshamaliza kazi yake bila kukusaidia. Maneno "kama unavyofundisha darasani" usiyafute. Sisi wazee tulifundishwa njia zetu, na mtoto anayefundishwa njia moja asubuhi na nyingine jioni huishia kuchanganya zote mbili kwenye swali moja. Umeona pia kwamba barua imetaja alama na kosa. Hapo mwalimu anajua anajibu mtu aliyefungua daftari. Mzazi anayeandika "mtoto wangu hafanyi vizuri" hajafungua kitu.

Ipeleke katikati ya Mei. Ukingoja wiki ya mwisho utamkuta amefunikwa na karatasi za mtihani wa muhula.

Naomba muhtasari.

Wa somo gani? Darasa gani? Hili ni la nne mwezi huu, na mwezi ujao sitalichapa tena.

Mwalimu alinijibu vizuri. Ameandika "sehemu, kujumlisha na kutoa" na mfano wake ni 1/2 + 1/3. Mtoto kila nikimpa ananijibu 2/5. Nimekaripia mpaka nimechoka. Baba, Nachingwea.

Kukaripia acha, baba. Mwanao ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu: amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, 1 na 1 ni 2, 2 na 3 ni 5. Ukimwambia "umekosa, rudia", ataifuata kanuni ileile mara ya pili. Inabidi aione mwenyewe ikimwangusha.

Chukua mfuko wa korosho wa kilo 30. Mwulize nusu yake ni kilo ngapi, atasema 15. Theluthi yake? Kilo 10. Jumla 25. Sasa mwambie atafute 2/5 ya mfuko huohuo. Moja ya tano ya 30 ni 6, mbili zake ni 12. Mnyamazie hapo. Alianza na kilo 15, akaongezewa 10, jibu lake linasema amebaki na 12. Mtoto wa Nachingwea anajua hesabu hiyo ya mizani ina wizi ndani yake. Kisha aandike 25 juu ya 30, arahisishe, apate 5/6.

Baada ya hapo tafuta shimo lilipo. Mpe maswali matatu, moja moja, kwa mpangilio huu: 1/4 + 2/4, halafu 1/2 + 1/4, halafu 2/3 + 1/4. Akikosa la kwanza, bado hajui asili inasema nini. Rudini kwenye kukata chungwa na kukunja karatasi. Akipata la kwanza akakosa la pili, hajui kwamba nusu inaweza kuitwa robo mbili. Akipata mawili akakwama la tatu, ambalo jibu lake ni 11/12, shida yake haiko kwenye sehemu hata kidogo. Hajui kigawe kidogo cha shirika. Mwambie aorodheshe vigawe vya 3 na vigawe vya 4 mpaka vikutane kwenye 12. Akishindwa, sehemu ziacheni siku tatu nne, fanyeni vigawe tu.

Nimefundisha Hisabati miaka mingi huku kusini, na wengi walioandikiwa "dhaifu kwenye sehemu" niliwakuta wamekwama kwenye vigawe. Hapo ndipo muhtasari unapomfaa mzazi: fungua kurasa za darasa lililotangulia, uone kipengele hiki kinasimama juu ya kipi.

Onyo ambalo hukuliuliza: kuzidisha sehemu usikuguse likizo hii, hata kama kiko mstari unaofuata. Kwenye kuzidisha ni sahihi kabisa kupiga kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na mtoto ambaye kujumlisha hakujakomaa atairudisha kanuni hiyo kwenye kujumlisha jioni ileile. Utajua amekomaa siku atakapofuta jibu mwenyewe, kabla hujasema neno, kwa sababu limetoka dogo kuliko alichoanza nacho.

Kwa nini nihangaike na barua? Nimenunua stendi kitabu cha maswali na majibu ya darasa la saba ya miaka kumi. Mtoto yuko la tano.

Umenunua viatu vya kaka yake. Mtihani wa kumaliza unachanganya yaliyofundishwa kwa miaka kadhaa, na nusu ya maswali hayo mwanao hajayafikia. Atakosa, utakasirika, yeye ataamini hana akili. Tena majibu yamechapwa nyuma ya kitabu, na mtoto wa miaka kumi na moja huwa anajua kitabu kinaishia wapi. Na msiniandikie kuniuliza "maswali yanayotarajiwa kutoka". Anayekuuzia hayo anakuibia, au ana karatasi ya wizi. Sitaki kuwa shahidi wa lolote kati ya hayo mawili.

Barua kwa mwalimu niandike kwa Kiingereza ili anichukulie kwa uzito?

Shule ya mwanao inafundisha kwa Kiswahili. Andika Kiswahili.

Nina watoto wawili wanaofuatana darasa. Jirani ananiambia mihtasari yao haifanani. Ni kweli? Masasi.

Inawezekana kabisa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na kwa shule za msingi ulianza na darasa la awali, la kwanza na la tatu. Aliyekuwa darasa la tatu mwaka huo yuko kwenye mtaala mpya na atamaliza msingi akiwa darasa la sita, mwaka 2027. Aliyekuwa la nne mwaka huo yuko kwenye ule wa zamani, atamaliza la saba, mwaka huohuo 2027. Kwa hiyo mdogo asirithishwe vitabu vya mkubwa kabla hujamwuliza mwalimu, na kwenye barua taja mwaka mtoto alioanza darasa la kwanza.

Wiki tatu sasa sijajibiwa.

Fungua begi la mtoto.

Kama barua haimo humo, nenda shuleni. Nenda mchana vipindi vikiisha, usiende asubuhi wakati mwalimu anakimbilia darasani. Na ujumbe wa simu saa nne usiku wenye neno "mada?" peke yake usihesabu kuwa ni barua.

Mwalimu ameniambia mada atatoa kwa wanaolipia tuisheni yake tu.

Usilipe. Muhtasari ni waraka wa umma, na kukujulisha mwanao amefikia wapi ni sehemu ya kazi anayolipwa mshahara. Mwone mwalimu mkuu ukiwa na nakala ya barua yako. Akikuzungusha, nenda kwa afisa elimu kata. Ndiyo maana nawaambia kila siku barua iandikwe mbili.

Mimi niliishia la saba. Oktoba hadi Desemba niko shambani naokota korosho na watoto wananisaidia. Hayo marudio ya nusu saa nitayafanya saa ngapi? Tandahimba.

Sasa hivi, kabla ya Oktoba. Omba mada Mei kwa ajili ya Juni, na Agosti omba tena zile utakazozifanya Septemba. Msimu ukianza, marudio yawe ya mdomo tu chini ya mkorosho: vigawe vya 6, vigawe vya 8, theluthi ya ndoo 12. Elimu yako ya la saba inatosha, kwa kuwa kazi yako ni kumwambia mtoto "nielezee umepataje" na kusikiliza. Akielezea huku anaangalia pembeni, weka alama kwenye kipengele hicho, na ndicho utakachomwandikia mwalimu Januari. Siku za shule lakini ndoo ya korosho ibebe wewe, dada yangu. Kipindi alichokikosa Oktoba mwalimu hakirudii kwa ajili ya mtoto mmoja.