Abiria 180, Kosta za viti 28: kwa nini jibu ni saba

Ukipewa kazi ya kuandaa safari ya shule kwa mara ya kwanza, tuseme kutoka Temeke kwenda magofu ya Kaole kule Bagamoyo, kuhesabu magari kutaonekana kazi ya dakika moja. Unagawanya watu kwa viti, basi. Lakini hesabu hii fupi huharibika mapema, hata kabla hujagawanya.

Anza na viti. Kosta ikitajwa kuwa ya viti 30, muulize mwenye gari kama amehesabu na cha dereva. Toa hicho, toa na cha konda kama atasafiri nanyi, ubaki na 28 vya abiria. Namba ya kugawia ni hiyo 28. Safari ya wanafunzi ni levo siti. Mambo ya kusimama au kupakatana kama kwenye daladala za asubuhi yasiingie kwenye hesabu.

Halafu watu. Wanafunzi ni 168. Ukigawanya 168 kwa 28 unapata 6 kamili, hakuna baki. Jibu linapendeza, na hapo ndipo wengi hunasa: walimu na walezi 12 hawajahesabiwa, na kila kiti kwenye magari sita kina mtoto. Jumla sahihi ni 180.

Sasa 180 gawanya kwa 28 ni 6, baki 12. Kwa desimali ni kama 6.43. Ile kanuni ya darasani ya kukadiria inasema chini ya nusu unashuka, kwa hiyo ungeandika 6. Kanuni hiyo inatafuta namba nzima iliyo karibu zaidi na 6.43, wakati sisi tunataka magari yanayotosha watu wote. Ile 0.43 ni watu 12 waliosimama getini na mabegi yao, na hakuna mtu anayekodisha vipande 0.43 vya Kosta. Magari sita yanabeba 168, saba yanabeba 196. Unachukua saba. Hata baki lingekuwa mtu 1 tu, jibu lingekuwa saba vilevile.

Angalia usiigeuze kuwa mazoea ya kuongeza moja kila mara. Moja inaongezwa pale tu penye baki. Kama abiria wote, walimu wakiwemo, wangekuwa 168, Kosta sita zingetosha na ya saba ingekwenda Bagamoyo tupu.

Kwenye Excel andika hivi:

```
=ROUNDUP(180/28,0)
```

Inatoa 7. `ROUND` itakupa 6. Na hata usipotumia `ROUND`, seli iliyopangwa isionyeshe desimali itaandika 6 ilhali ndani yake kuna 6.43, ukitazama tu kwa macho, umeshakosa gari.

Mchango nao ukokotoe baada ya kupandisha. Tuseme Kosta moja ni shilingi 252,000. Mtu akigawa 252,000 kwa viti 28 anapata 9,000, anawatangazia wazazi. Wanafunzi 168 wakilipa wote, zinaingia 1,512,000. Magari saba ni 1,764,000. Pengo ni 252,000, yaani Kosta nzima, kwa sababu bei ile ilidhani kila kiti kina mlipaji. Lakini vya walimu 12 havilipiwi, na vingine 16 havina mtu. Viti 28 hivyo ndivyo hilo gari. Njia salama ni kugawa 1,764,000 kwa 168, ambayo ni 10,500 kwa kila mtoto.

Swali likigeuka, upande wa kukadiria nao unageuka. Ukiwa na 1,750,000 mfukoni na kuuliza unaweza kukodi Kosta ngapi, unapata kama 6.94, na hapo unashuka hadi 6, hata kama imeikaribia saba. Fedha pungufu haikodi gari, kama vile kiti pungufu hakikalishi mtu.

Bado kupanga watu. Usijaze sita za mwanzo ukaiacha ya saba na watu 12, hasa kama hao 12 ni walimu wote! Gawa upya kwa magari uliyonayo: 168 kwa 7 ni watoto 24 kila gari. Walimu 12 kwa 7 ni mmoja mmoja, baki 5, kwa hiyo magari matano yana walimu wawili na mawili yana mmoja. Kila Kosta inakuwa na watu 25 au 26, na viti viwili au vitatu vya kuwekea ndoo ya maji na vyakula.