Pale mwezi wa tatu saluni inapokauka

Wewe unayeanza kusimamia hesabu za saluni, usijaze makadirio ya mtiririko wa fedha kwa kugawa mapato ya mwaka kwa kumi na mbili. Ukifanya hivyo unaificha ile miezi ya upungufu wa pesa uliyokuwa unaitafuta. Fungua daftari la miadi la mwaka jana, uhesabu wateja wa kila mwezi, kisha zidisha kwa wastani wa malipo ya mteja mmoja.

Kila mwezi una safu nne tu: salio la mwanzo, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, salio la mwisho. Salio la mwisho la Januari ndilo la mwanzo la Februari.

Tuchukue mfano, na tuseme mauzo ya mwezi wa kawaida ni 100. Pango, mishahara na posho yako mwenye saluni ni 55, wateja waje wasije. Kamisheni za wasusi, dawa na rangi hula 30 katika kila 100 ya mauzo. Hapo mwezi wowote wenye mauzo chini ya 79 hivi unakula akiba.

Unaanza mwaka na 40. Januari, baada ya sikukuu, mauzo ni 60: inatoka 73, inabaki 27. Februari mauzo ni 70, inatoka 76, inabaki 21. Machi wateja wamerudi, mauzo 90, inatoka 82. Ungesema hali imetengemaa, ila bima na leseni za mwaka, jumla 35, hulipwa mwezi huohuo. Salio linakuwa hasi 6. Desemba mauzo hufika 160, na kwa hesabu ya mwaka mzima saluni hii ina faida nzuri tu, lakini Machi haina cha kulipia.

Ndiyo maana gharama kubwa huandikwa mwezi inapolipwa. Bima iandike Machi, kiti kipya cha kuoshea nywele mwezi unapokinunua, rejesho la mkopo lote, si riba peke yake. Dawa za Desemba mara nyingi hulipiwa Novemba, kwa hiyo ziweke Novemba.

Vocha za zawadi ndizo huwachanganya wengi. Pesa yake huingia Desemba, mteja anakuja kusukwa Januari bila kulipa chochote, na msusi bado anadai kamisheni. Usihesabu mapato hayo mara ya pili.

Suluhisho la Machi liko Desemba: ukitenga 15 zaidi, unaanza na 55 na Machi inafunga na 9. Kisha jaribu hali mbaya zaidi. Punguza mauzo ya Januari na Februari kwa 10 kila mwezi. Kila 10 huondoa 7, kwani kamisheni na dawa nazo hupungua, na Machi inarudi hasi 5. Kwa saluni hii, basi, kutenga 15 hakutoshi. Ongea na kampuni ya bima mapema ulipe kwa awamu, na ununuzi wa kiti usogeze hadi baada ya miezi hiyo.